Ujumbe wa kukumbusha Penta ya pili: naomba mnikosoe kabla sijautuma

Nesi wa Bondeni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja mkoani Morogoro, siku yetu ya chanjo ni Jumanne. Tumekubaliana pale kazini tuanze kuwaandikia wazazi ujumbe wa simu wa kuwakumbusha dozi ya pili ya Penta, ile chanjo ya watoto wachanga ya sindano tatu. Mimi ndiye niliyepewa kuandika, na huu ndio niliouandaa:

"Mzazi mpendwa, mtoto wako anatakiwa kupata chanjo ya pili baada ya mwezi mmoja. Usikose kuhudhuria kliniki. Ukikosa tarehe chanjo itaanza upya."

Nimeusoma mara tatu na moyo unakataa. Niwaeleze kwa nini, maana kuna mtoto mmoja yuko nyuma ya uzi huu.

Alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Penta ya kwanza alitakiwa aipate akiwa na wiki 6, lakini mama alikuwa na kidonda cha upasuaji, akamleta Jumanne ya tarehe 29 Aprili akiwa na wiki 8 na siku moja. Akachomwa. Mwenzangu akamwambia, "rudi baada ya mwezi mmoja." Mama akarudi Alhamisi ya tarehe 29 Mei, akakuta mlango wa chanjo umefungwa kwa sababu Alhamisi hatuchanji. Wiki iliyofuata familia ikaenda Turiani kuvuna mpunga. Nimemuona tena Jumanne ya tarehe 8 Julai, siku moja baada ya Saba Saba. Aliingia kwa aibu, amekaa benchi la mwisho kabisa. Nilipomuuliza mbona amechelewa, akasema, "Nesi, nilijua mtanianzisha upya, na kwa kufokewa juu."

Huyo mama hakuwa mzembe. Alikuja siku tuliyomwambia. Basi nisaidieni, ujumbe huu niurekebishe vipi?

Sanduku la Baridi

Binti, umeanza vizuri kwa kumsikiliza mama. Nimefanya kazi ya chanjo miaka mingi hadi nimestaafu, na nakwambia ujumbe wako una makosa mawili, yote makubwa.

La kwanza ni hilo neno "mwezi mmoja". Muda kati ya Penta ya kwanza na ya pili ni wiki 4, yaani siku 28, na hizo ndizo chache kabisa zinazokubalika. Mwezi si wiki 4. Mwezi ni siku 30 au 31, isipokuwa Februari. Sasa angalia uzuri wa wiki 4: siku haibadiliki. Mtoto akichanjwa Jumanne, wiki 4 baadaye ni Jumanne tena. Kama zahanati yenu inachanja Jumanne, hesabu ya wiki inamrudisha mama siku ileile mliyopo. Hesabu ya mwezi inampeleka Alhamisi au Ijumaa, anakuta mlango umefungwa, kisha anasubiri hadi Jumanne inayofuata. Mmempotezea karibu wiki nzima kwa neno moja tu.

Huyo mtoto wako wa tarehe 29 Aprili, tarehe yake ya mapema kabisa ilikuwa Jumanne ya tarehe 27 Mei. Hesabu hivi: siku ya kuchomwa usiihesabu, anza na kesho yake kama siku ya kwanza. Tarehe 30 Aprili ni moja, na tarehe 27 Mei ni ya 28. Ukitaka kujihakiki, tazama kalenda: ukiona tarehe uliyoandika imeangukia siku tofauti na ile aliyochomwa, umekosea hesabu.

La pili nitalisema nikitoka swala.

Mama Pacha Mbagala

Jamani mimi naomba nieleweshwe. Wanangu dozi ya pili niliambiwa nirudi wakiwa na mwaka mmoja na nusu. Sasa nyie mnasema wiki 4? Ina maana nimechelewa mwaka mzima?? Nimeshikwa na hofu hapa.

Nesi wa Bondeni

Pole dada, tulia, hujachelewa. Wewe unaongelea chanjo ya surua na rubela. Ile ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Uzi huu ni wa Penta, ile sindano ya paja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na ile homa ya uti wa mgongo ya watoto. Hiyo huwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Fungua kadi zao, utaona kila chanjo ina mstari wake.

Mama Pacha Mbagala

Ahsante, nimeziona. Penta zote tatu zimejazwa. Ila hiyo ya surua ya pili mmoja kapata, mwingine hakupata. Tulienda siku moja, yule wa pili alikuwa na homa kali, wakasema arudishwe akipona. Nilimrudisha, wakaniambia watoto ni wachache leo, hawawezi kufungua kichupa. Nikarudi tena, hivyohivyo. Nikachoka. Sasa ana miaka miwili.

Sanduku la Baridi

Mama pacha, mpeleke huyo mtoto. Miaka miwili haijazuia kitu.

Nikueleze kwa nini inafaa uchoke mara ya tatu. Dozi ile ya miezi 9, kati ya watoto 100 inawashika kama 85 hivi. Wengine inapita tu, mara nyingi kwa sababu kinga waliyopewa na mama tumboni bado haijaisha na inaizima chanjo. Kwa macho huwezi kujua wa kwako yuko kundi gani. Dozi ya pili ipo kwa ajili ya kuwaokota hao waliobaki. Kwa hiyo pacha aliyekosa huenda amekingwa, huenda hana kinga kabisa, na mnalala nao kitanda kimoja.

Habari ya kichupa ni kweli ipo. Chanjo ya surua huja kama unga, ukishauchanganya na maji yake unadumu saa 6 tu, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana wahudumu wanaogopa kufungua kichupa cha dozi kumi kwa mtoto mmoja. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi tisa zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto aliyerudishwa nyumbani. Ukirudishwa tena, omba kwa upole kuonana na mganga mfawidhi, umwambie hii ni mara ya tatu unarudishwa kwa sababu ya kichupa. Au uliza ni siku gani huwa na watoto wengi, uende hiyo.

Penta haina tatizo hilo, inakuja ikiwa majimaji tayari, kichupa kilichofunguliwa kikitunzwa vizuri kwenye baridi kinatumika tena siku nyingine. Kwa hiyo kwa Penta mtu akikwambia "watoto ni wachache", hiyo si sababu.

Baba wa Minnesota

Salamu kutoka huku baridini. Naongezea kitu. Huku Marekani mtoto wetu alipewa dozi ya pili siku 25 baada ya ya kwanza na kliniki ikasema ni sawa, wanaruhusu kuwahi hadi siku 4. Kwa hiyo Nesi, usiwafunge wazazi na tarehe moja. Waambie wanaweza kuja hata siku 4 kabla. Itasaidia wale wanaosafiri.

Sanduku la Baridi

Kaka wa Minnesota, ulichosema kipo, ila kimekaa kichwa chini. Hizo siku 4 za huko zinatumika kuamua dozi *iliyokwisha kutolewa*. Mtoto akaja na kadi, ukakuta aliwahishwa siku 3, wanasema basi, ihesabiwe, asichomwe tena bure. Hazikuwekwa ili muuguzi apange miadi siku 4 kabla. Ukianza kupanga kwa siku 24, mtu mwingine atakosea hesabu siku mbili, mtakuwa 22. Na huku kwetu anayekagua kadi anatafuta siku 28.

Na nieleze kwa nini kuwahi ni kubaya kuliko kuchelewa, maana watu wengi wanadhani ni kinyume chake. Ile dozi ya kwanza inaamsha mwili, na mwili unahitaji wiki kadhaa kutengeneza askari, kuwachuja na kuwaweka akiba. Dozi ya pili inapokuja baada ya hapo inakuta akiba ipo, inaipandisha juu sana. Ukiileta mapema, inakuta kazi haijakwisha, kinga inayopatikana ni hafifu. Ukiichelewesha, akiba ile bado ipo inasubiri. Haijafutika.

Tuseme mama wa huyo mtoto angekuja tarehe 20 Mei kwa sababu ya safari, na muuguzi kwa huruma akamchoma. Hizo ni siku 21. Dozi hiyo haihesabiwi. Ingebidi irudiwe, na siku 28 zihesabiwe upya kutoka tarehe 20, yaani tarehe 17 Juni. Huruma ile imemwongezea mtoto sindano na imemsogeza nyuma wiki tatu.

Baba wa Minnesota

Nimekuelewa mzee wangu. Nilichanganya kukagua na kupanga. Naifuta kauli yangu.

Nesi wa Bondeni

Mzee shikamoo. Hilo la pili ulilosema utalisema?

Sanduku la Baridi

Marahaba. La pili ni ile "chanjo itaanza upya". Hiyo sentensi ifutwe leo. Si kweli, na inaua.

Mtoto aliyepata Penta ya kwanza akachelewa ya pili, hata kwa wiki 10, hata kwa miezi, anaendelea alipoishia. Dozi ya kwanza haiozi. Ya pili anapewa siku hiyohiyo aliyokuja, na ya tatu siku zisizopungua 28 baadaye. Wewe tarehe 8 Julai ulimfanyaje yule mtoto?

Nesi wa Bondeni

Nilimpa Penta ya pili palepale, pamoja na ile ya kichomi na matone ya polio. Kwa kuwa alikuwa ameshafika wiki 18, nikampa na sindano ya polio ambayo huwa ya wiki 14. Mama akashtuka kidogo kuona sindano zote hizo siku moja, nikamweleza kuwa mtoto hazidiwi nazo, tunabadilisha tu mapaja. Penta ya tatu nikamwandikia Jumanne ya tarehe 5 Agosti. Matone ya kuhara ya dozi ya pili nayo nikampa, maana yale yana ukomo wa umri, mtengenezaji anataka yamalizike kabla ya wiki 24, na yeye alikuwa bado ana nafasi.

Sanduku la Baridi

Umefanya sawasawa kabisa. Kama mngemuanzisha upya, tarehe 8 Julai ingekuwa "ya kwanza", ya tatu ingefika tarehe 2 Septemba. Wiki 4 nzima zaidi bila kinga kamili, katika umri ambao kifaduro humkaba mtoto mchanga mpaka anabadilika rangi. Na hata hivyo hasara kubwa si hiyo. Hasara kubwa ni yule mama asiyekuja kabisa kwa sababu ameambiwa juhudi yake ya kwanza imekuwa bure.

Bi Mkubwa Korogwe

Mimi ni bibi, naongea nilichokiona. Mjukuu wangu kwenye kituo kimoja huku walimwanzisha upya kweli. Alichelewa wiki tatu tu, wakakata kadi mpya. Sasa mnaniambia walikosea? Na je, hizo sindano za ziada zimemdhuru?

Sanduku la Baridi

Dada yangu, walikosea, ila hazijamdhuru. Huenda paja liliuma na kuvimba kidogo zaidi, basi. Kadi ya zamani unayo? Kama unayo, iambatanishe na hiyo mpya, ili dozi zote zionekane. Tatizo la kukata kadi mpya ni kwamba ile historia inapotea, na siku akitakiwa kuonyesha shuleni au akihama mkoa, hakuna anayejua.

Kijana wa Mtaa wa Pili

Mimi nauliza kwa upande wa kina baba. Mke wangu hakurudi kwa dozi ya pili si kwa kusahau. Mtoto alipochomwa ya kwanza usiku alichemka, akalia mpaka alfajiri, paja likawa gumu kama jiwe. Mama mkwe akasema hiyo chanjo haimpendi mtoto wetu. Mimi nikanyamaza. Ujumbe wa simu uje mara ngapi, sisi hatuendi. Sasa mwambieni mtu wa namna yangu nini?

Nesi wa Bondeni

Kaka, ahsante kwa kusema wazi, maana wengi wako kama wewe na hawasemi. Homa ya usiku wa kwanza na paja kuwa gumu hutokea sana kwa Penta, kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Hiyo haizuii dozi ya pili. Ninachotaka kukuuliza ni hiki: je, alipata degedege? Alivimba uso au kushindwa kupumua muda mfupi baada ya sindano? Alilegea asiitike? Kama kuna kimojawapo, usikae nacho nyumbani, nenda ukamwambie muuguzi kabla hajachomwa tena, kwa sababu hapo uamuzi unabadilika.

Kijana wa Mtaa wa Pili

Hapana, hakuna hata kimoja. Alichemka tu na kulia. Asubuhi alinyonya vizuri.

Nesi wa Bondeni

Basi mpeleke. Mwambie mama mkwe kuwa tunamheshimu na tunajua alimuonea uchungu mjukuu. Safari hii ulizeni mapema kipimo cha dawa ya homa kwa uzito wake, mkae nayo tayari, na msikande paja wala kulipaka kitu.

Mtoto alichanjwa lini ya kwanza?

Kijana wa Mtaa wa Pili

Miezi mitatu na kitu iliyopita. Nitaangalia kadi.

Mhudumu wa Kitongoji

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, natembea nyumba kwa nyumba. Nesi, ujumbe wako hata ukiwa mzuri vipi, kumbuka mambo mawili ya huku chini.

Kwanza, watu hawajui kwamba dozi ya pili unaweza kuipata kituo kingine. Yule mama wa Turiani alikaa huko mwezi na zaidi, karibu na zahanati inayochanja, kadi ikiwa kwenye mkoba wake. Angeingia tu. Chanjo ni bure na kadi inasomeka popote. Wengi wanadhani wamefungwa na zahanati waliyoanzia, kama mkopo. Mimi nilikuwa na familia tatu msimu wa mavuno, wote walikuwa shambani, wote walibeba kadi, hakuna aliyechanjwa. Ilinisikitisha sana.

Pili, simu. Nusu ya namba zilizo kwenye rejista yangu ni za baba, au za jirani, au za laini iliyokwisha kufa. Ukituma kwa baba aliye machimboni, mama hapati.

Nesi wa Bondeni

Hilo la kituo kingine ni zito, lazima liingie. Ila kuna shida: ujumbe mmoja unachukua herufi 160 tu, nafasi zikiwemo. Ukizidi unahesabiwa ujumbe wa pili na fedha zinakatwa mara mbili, na sisi tuna kifurushi kidogo. Nimejaribu upya. Kama ningemwandikia yule mama, ingekuwa:

"Mzazi: Penta ya 2 ni Jumanne 27/5, wiki 4 toka ya 1. Kabla ya hapo bado. Ikipita, njoo Jumanne yoyote na kadi: tunaendelea, hatuanzi upya. Hakuna kufokewa."

Hiyo ni 155. Muda upo, tarehe ya mapema ipo, ikipita afanye nini ipo. La kituo kingine limekosa nafasi.

Bi Mkubwa Korogwe

Hiyo "hakuna kufokewa" imenitoa machozi. Iache hapohapo.

Mhudumu wa Kitongoji

Ni nzuri. Ila mimi ningetoa "hakuna kufokewa" niweke "au kituo chochote". Kufokewa mtakomesha pale zahanati wenyewe, hamhitaji kuandika. Mama aliye Turiani neno litakalomsaidia ni "kituo chochote".

Sanduku la Baridi

Hapa mimi na mhudumu tunapishana. Mama aliyechelewa hasomi ujumbe kwa akili peke yake. Anausoma akiwa na hofu. Hilo neno la mwisho ndilo litakalomtoa nyumbani. La kituo kingine mwambieni kwa mdomo siku ya dozi ya kwanza, na mliandike kwa kalamu kwenye kadi kando ya tarehe.

Mhudumu wa Kitongoji

Mzee, kwa mdomo siku hiyo mama ana mtoto analia, ana foleni, hasikii. Nimewauliza wakiwa njiani kurudi, wengi wanakumbuka tarehe tu.

Nesi wa Bondeni

Nimewasikia wote. Labda nitume mara mbili. Wa kwanza siku mbili kabla ya tarehe, wenye muda na tarehe na "kituo chochote". Wa pili utumwe wiki moja baada ya tarehe kwa wale tu ambao rejista inaonyesha hawajaja, na huo ndio uwe na "tunaendelea, hatuanzi upya, hakuna kufokewa". Aliyekuja kwa wakati hana haja ya kuambiwa habari za kuchelewa. Itabidi nimuombe mfawidhi kifurushi kikubwa kidogo.

La simu za kina baba bado sina jibu. Nimefikiria kuuliza siku ya kwanza, "ujumbe huu nani ausome?" badala ya "namba yako ni ngapi?" Ila wapo kina mama ambao hawana simu wala jirani wanayemwamini. Kwa hao nadhani hakuna njia ila mhudumu atembee.

Mhudumu wa Kitongoji

Nipe orodha yao kila Ijumaa. Jumamosi ni gulio, wote wanapita pale.

Kijana wa Mtaa wa Pili

Nimeangalia kadi. Ya kwanza ilikuwa wiki 14 zilizopita. Kwenye kadi wameandika "rudi mwezi ujao", hakuna tarehe. Kituo chetu wanachanja Jumatano. Nimeongea na mama mkwe, amesema atakuja na sisi, anataka kumuuliza nesi mwenyewe.

Nesi wa Bondeni

Njooni naye, kaka. Akiuliza maswali mengi, mwacheni aulize. Na mkishachomwa, kabla hamjaondoka, mwambieni aandike tarehe kamili ya dozi ya tatu. Itakuwa Jumatano, wiki 4 kutoka hiyo.